Kisima kimoja, nyumba nane: pesa ya shimo, pesa ya umeme, pesa ya pampu

Siku pampu yetu ilipoungua, mfuko wa kisima ulikuwa na shilingi 212,000. Fundi alitaka milioni 2.6: avute bomba zote, abadilishe pampu, mota na kisanduku cha umeme, kisha arudishe kila kitu chini. Tulikuwa nyumba nane hapa Moshono, Arusha, mwaka wa tatu tangu tuchimbe, na karibu kila mmoja aliapa kwamba amechangia kila mwezi. Mimi ndiye mweka hazina, daftari ninalo, na wengi walikuwa wakisema kweli. Tatizo lilikuwa kwamba pesa za aina tatu, zenye tabia tatu tofauti, tulizitia mfuko mmoja na kuziita "mchango wa maji".

Nitaeleza tulivyozitenganisha baadaye, kwa sababu majirani wengi wanaotaka kuchimba pamoja hunijia na swali moja tu: "Kila mtu alitoa ngapi?" Swali hilo lina jibu fupi. Kila nyumba ilitoa 2,750,000. Ila jibu hilo halimsaidii mtu kama hajui ni pesa ya nini na ililipwa kwa mpangilio gani.

Pesa ya shimo

Jumla yetu ilikuwa milioni 22. Upimaji wa kitaalamu wa kutafuta maji ardhini ulichukua 600,000. Uchimbaji ulikuwa mita 110 kwa shilingi 110,000 kila mita, yaani 12,100,000, pamoja na kesingi, lile bomba linaloshikilia kuta za shimo, machujio, yaani vipande vyake vyenye matundu ya kuingizia maji, na kokoto za kuzungushia. Majaribio ya kuvuta maji yalikuwa milioni 1, vibali na maabara 500,000. Pampu na vitu vyake vyote, bomba, waya na kisanduku, 3,600,000. Mnara na tangi la lita 10,000, pamoja na msingi wake, 4,200,000. Bei za kwenu zitakuwa nyingine, lakini uwiano hautapishana sana: zaidi ya nusu ya pesa inaingia ardhini kabla hujaona tone.

Hapo ndipo penye hatari ambayo lazima majirani waizungumze wakiwa bado wanapendana. Mchimbaji hulipwa kwa mita. Akifika mita 110 pakavu, mita zake ni 110. Upimaji wa awali, ule wa kupitisha umeme ardhini na kusoma ukinzani wa miamba, hupunguza kubahatisha, lakini hauwezi kukuahidi maji. Kwa hiyo sisi tulilipa kwa awamu tatu, na kwenye kila awamu mtu aliruhusiwa kujitoa. Kwanza 75,000 kila nyumba kwa ajili ya upimaji. Ripoti ilipotoka tukaisoma pamoja, ndipo tukatoa 1,700,000 kila mmoja kwa ajili ya shimo, majaribio na maabara. Hizo 975,000 za pampu na tangi zilisubiri hadi tujue tumepata nini. Tuliandika pia kina cha mwisho ambacho mchimbaji hawezi kukipita bila idhini ya watu watatu kati yetu. Bila sentensi hiyo, saa tisa alasiri mashine ikiunguruma, mmoja atasema "ongeza mita kumi, maji yapo karibu", na bili itawahusu wote.

Kwa Arusha kuna namna ya pili ya kupoteza pesa ya shimo, nayo inaumiza zaidi kwa sababu maji yanakuwepo. Miamba ya volkano ya Mlima Meru ina floraidi nyingi, na maji yanayokaa ndani yake kwa muda mrefu huibeba. Kila mkazi wa huku anawafahamu watu wenye meno ya kahawia. Hayo ni matokeo ya kunywa maji hayo utotoni, meno ya ukubwani yakiwa bado yanajijenga ndani ya fizi. Yakizidi sana kwa miaka mingi, huharibu hata mifupa. Kiwango cha juu kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Visima viwili vinavyotazamana vinaweza kupishana mno, kwa hiyo kusema "kwa jirani yapo salama" si kipimo. Na kuyachemsha hakusaidii: maji yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki palepale.

Sampuli yetu ilichukuliwa mwisho wa jaribio la kuvuta maji, saa 24 baada ya kuanza. Nasisitiza hilo kwa sababu maji ya siku ya kuchimba bado ni matope yaliyochanganyika na maji ya mashine, na majibu yake yanaweza kukudanganya. Maabara ikasema 3.1. Mara mbili ya kiwango.

Tulikaa kikao kirefu. Nyumba yenye watoto wadogo watatu ilitaka kujitoa, nyumba yenye ng'ombe na bustani ilitaka kuendelea. Tungekuwa tumeshalipa milioni 22 zote, kingekuwa kikao cha lawama. Kwa kuwa awamu ya tatu ilikuwa bado mifukoni mwetu, tuliweza kuuliza swali sahihi: je, maji ya kufulia, kuogea, chooni na ya mifugo yana thamani ya 975,000 zaidi? Wote tukakubali kuendelea, na tukaandika kwenye mkataba kwamba ya kunywa na kupikia kila nyumba itaendelea kuchukua bomba la mamlaka ya maji ya jiji. Zipo njia za kuondoa floraidi. Mkaa wa mifupa, ambao umefanyiwa kazi kwa miaka mingi pale kituo cha Ngurdoto, unaifyonza, na mitambo ya kuchuja kwa shinikizo nayo inaiondoa. Lakini mkaa huo huchoka na lazima ubadilishwe, na ukiusahau unarudi kunywa floraidi ukidhani umejikinga. Hatukuona nani kati yetu angeweza kuisimamia kazi hiyo kwa miaka kumi.

Kisima kiko kwenye kiwanja cha nani

Ripoti ya upimaji ilionyesha sehemu moja tu nzuri, nayo ikaangukia kwa mzee wa kona. Mzee ni muungwana, hakudai hata shilingi. Lakini mzee naye ana watoto, na watoto wa mzee hawakuwepo kwenye kikao chetu.

Mkataba wetu unasema kwamba mita nne kwa nne kuzunguka kisima na mnara, pamoja na njia ya gari la kuvutia bomba, ni za matumizi ya nyumba zote nane, hata kiwanja kikiuzwa au kurithiwa. Sheria ya Ardhi ya 1999 inatambua haki ya namna hii, ya mtu kutumia sehemu ya ardhi ya mwingine, na mwanasheria ndiye aliyetuandikia vizuri ili iweze kusajiliwa. Mama, mke wa mzee, alisaini pia. Tuliweka saini mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na kila nyumba ina nakala. Hisa nayo tuliifunga kwa nyumba, haimfuati mtu: ukiuza nyumba, unauza na hisa ya maji.

Kibali ni jambo jingine. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, kisima cha kuchimba kwa mashine kinahitaji kibali, na huku kwetu anayekitoa ni Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, yenye makao yake Moshi. Mchimbaji naye lazima awe na leseni. Tuliombea kwa jina la kikundi, tukataja nyumba nane na matumizi yake, kwa sababu kibali chenye jina la mtu mmoja kinaweza siku moja kugeuka hoja kwamba kisima ni chake.

Pesa ya umeme na pesa ya pampu

Hapa ndipo tulipoanguka, na hapa ndipo ninapotaka kukaa.

Mwanzoni tulikubaliana shilingi 10,000 kila nyumba kila mwezi. Ilionekana haki: nyumba nane, 80,000. Tulitumia uniti 144 za maji kwa mwezi. (Neno uniti linatuchanganya kwa kuwa umeme nao una uniti zake, uniti ya maji ni lita 1,000, yaani ndoo kubwa 50.) Pampu yetu hutoa lita 2,400 kwa saa na hula kama robo tatu ya uniti ya umeme kwa kila uniti ya maji. Kwa bei ya LUKU ya karibu shilingi 357 kwa uniti pamoja na kodi zake, kila uniti ya maji ilitugharimu kama 270 za umeme. Mwezi mzima ni kama 39,000. Zilizobaki, 41,000, zilikuwa akiba ya pampu, ingawa hatukuwa tumeziita hivyo.

Kisha maisha yakaendelea kama yanavyoendelea. Nyumba moja ikaanza kufyatua tofali. Nyingine ikaongeza ng'ombe. Matumizi yakafika uniti 230, umeme ukapanda hadi 62,000. Wale waliokuwa wakiteka ndoo sita kwa siku wakaona wanamlipia mfyatua tofali, na watatu wakaacha kutoa. Siwalaumu. Makusanyo yakawa 50,000 kwa umeme wa 62,000, na ile akiba iliyokuwa imejengeka ikaanza kuliwa polepole kununua LUKU. Hakuna aliyeiba. Pampu ilikuwa inalipiwa umeme kwa pesa ya kuizikia.

Pampu ya kuzama, hii mafundi wanayoiita sabmesibo, haichakai kwa miezi. Inachakaa kwa saa inazofanya kazi, kwa mchanga unaopita ndani yake, na kwa mara inazowashwa. Kwa hiyo anayetumia maji mengi anakula pampu nyingi, na mchango sawa kwa kila nyumba hauwezi kuwa haki hata wote wakilipa. Hesabu yake ni nyepesi. Kubadilisha kila kitu ni milioni 2.6. Tukikadiria miaka mitano kwa uniti 144 kila mwezi, ni uniti 8,640. Gawanya: kama shilingi 300 kwa kila uniti ya maji. Bei za vifaa zinapanda, tukaweka 400. Ongeza 270 za umeme, na 130 za ada ya bodi, kupima maji kila mwaka na fundi wa kukagua. Inafika 800 kwa uniti, shilingi 16 kwa ndoo ya lita 20. Nyumba inayotumia uniti 18 kwa mwezi hulipa 14,400. Mfyatua tofali hulipa zaidi ya mara tatu ya hiyo na halalamiki, kwa sababu anaona kwenye mita.

Zile 400 huingia akaunti ya peke yake benki, yenye watia saini watatu, na haziguswi kwa ajili ya LUKU hata kukiwa giza. Tukikosa umeme wa kusukuma, tunakosa maji siku hiyo. Watu wanakumbuka kulipa upesi.

Mita zote nane tuliziweka chini ya mnara, kwenye sanduku moja lenye kufuli, kila moja na koki yake. Mafundi wengi hupenda kuziweka kwenye kila nyumba kwa kuwa ni rahisi kusoma. Zikiwa mnarani, bomba likivuja njiani kwenda kwako ni maji yako, na utalitengeneza siku hiyohiyo. Pia kuna mita kubwa kwenye bomba linalotoka kwenye tangi. Kila mwisho wa mwezi najumlisha zile nane na kulinganisha na ile kubwa. Zikipishana sana, ama kuna mvujo kwenye viungo vya mnara, ama kuna mita iliyokwama.

Pampu pia ina mita yake ya LUKU. Mwanzoni ilikuwa kwenye mita ya mzee, na hilo lilimwumiza bila sisi kujua. Alikuwa kwenye daraja la watumiaji wadogo wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, wanaolipa bei nafuu. Pampu peke yake ilikula zaidi ya 100. Tulimtoa mzee kwenye bei nafuu, tukawa tunamrudishia pesa ya uniti za pampu tu, huku taa na friji yake vikigharimu karibu mara tatu.

Pampu ilisema kabla haijafa

Sasa turudi siku ile ilipoungua. Jaribio la kuvuta maji lilitupa namba tatu ambazo zilipaswa kubandikwa ukutani. Maji yakitulia yalikuwa mita 46 kutoka juu. Yakivutwa lita 2,400 kwa saa yalishuka hadi mita 71 na kusimama hapo. Pampu ilining'inizwa mita 90, kwenye kipande cha kesingi kisicho na tundu kati ya machujio mawili, kwa sababu ukiiweka mbele ya chujio inavuta mchanga kwa nguvu na kujisaga. Kati ya 71 na 90 kuna mita 19 za usalama.

Mwishoni mwa kiangazi cha mwaka wa tatu, pampu ikaanza kukata yenyewe. Inasukuma saa moja, inazima, inakaa, inawaka tena. Ndani ya kisima kulikuwa na waya mwembamba wa kuhisi maji, ambao huizima pampu maji yakiikaribia. Fundi aliyeitwa alitazama kisanduku, akasema waya umeharibika, akauruka kwa kuunganisha moja kwa moja. Pampu ikaacha kukata. Tulimshukuru na kumlipa. Wiki mbili baadaye, usiku, maji yakaishia chini ya pampu, nayo ikazunguka kavu hadi mota ikaungua. Mota ya namna hii hupozwa na maji yanayopita ubavuni mwake. Bila maji haina cha kuipoza.

Waya ulikuwa mzima. Ulikuwa unatuambia maji yameshuka.

Tangi la lita 10,000 lilikuwa likijaa kwa saa nne na dakika kumi kisima kikiwa kipya. Mwezi ule lilikuwa likichukua karibu saa sita, na hakuna aliyeandika. Kama lingeandikwa, tungejua pa kutazama. Tepu ya kupimia kina, ile inayolia ikigusa maji, hukodishwa, na ukiishusha mara mbili, pampu ikiwa imepumzika usiku kucha na ikiwa imesukuma saa tatu, unapata majibu ambayo hayahitaji kubahatisha. Maji yaliyotulia yakiwa palepale mita 46 na yanayovutwa hayashuki hata kufika 71, lakini tangi linachelewa, basi pampu imechakaa au bomba linavuja humo ndani. Yaliyotulia yakiwa palepale lakini yanayovutwa yameshuka hadi 82, machujio yameziba na kisima kinahitaji kusafishwa kwa hewa ya kompresa. Pampu mpya hapo ni pesa ya kutupa. Yote mawili yakiwa yameshuka, ardhi yenyewe ina maji kidogo: ni kiangazi kirefu, au wamechimba wengine karibu, au mnavuta kupita kiasi. Dawa yake ni kupunguza saa za kusukuma, au kubana koki ya juu ili pampu itoe taratibu.

Kipimo kingine ni ampia, nacho kinasomwa kwenye kisanduku bila kufungua kisima. Yetu mpya ilikula ampia 8.5. Ikishuka sana chini ya hapo huku pampu inazunguka, haibebi maji ya kutosha. Ikipanda, ama kuna kitu kinakwama ama umeme wa njia umedhoofika, na huku kwetu jioni unadhoofika kweli. Kisanduku kipya kina kifaa kinachokata umeme ukiwa mdogo mno, na tunasukuma saa kumi alfajiri, wakati majiko na pasi za watu bado zimelala.

Milioni 2.6 tulizipata kwa kuchangishana upya, 300,000 kila nyumba, juu ya zile 212,000 za mfukoni, na wawili walilipa kwa miezi minne. Ule waya wa kuhisi maji umerudi, na mkataba sasa unakataza fundi yeyote kuuruka bila mimi na mwenyekiti wa kikundi kuwepo.

Mwaka huu nyumba ya tisa imeomba kuingia. Pesa ya upimaji, shimo na tangi ni 18,400,000. Sehemu yake moja ya tisa ni kama 2,045,000, na hiyo inarudi kwa sisi wanane, kama 255,000 kila mmoja, kwa sababu ndio tuliobeba hatari ya kupata pakavu. Sehemu yake ya pampu inaingia akaunti ya pampu. Hilo halikuleta ubishi. Kilichotusimamisha ni tepu: Oktoba maji yaliyotulia yalikuwa mita 49, na yanayovutwa 76. Tumemwomba jirani asubiri mvua za masika zipite, tupime tena Juni, ndipo tumjibu.